Mwenyekiti Asifichwe: Vipicha Vinavyolaliana Kwenye Skrini

Fungua ukurasa wa kikundi chochote mtandaoni, kiwe cha kuweka na kukopa, cha kamati ya harusi au cha watu wanaoandika waraka mmoja kwa pamoja, na mara nyingi utakuta vipicha vya wanachama juu ya ukurasa. Ni duara ndogondogo zilizopangwa mstari mmoja, kila moja imeilalia kidogo iliyotangulia, na mwishoni ipo duara yenye maandishi kama +12, kukujulisha kuwa wapo wengine kumi na wawili wasioonyeshwa.

Zinalaliana kwa sababu ya uhaba wa nafasi. Simu nyingi huupa ukurasa upana wa pikseli 360 hivi. Kipicha kimoja cha kawaida kina pikseli 48, hivyo sita vikikaa bega kwa bega vinakula pikseli 288, na jina la kikundi halina tena pa kukaa. Kila kimoja kikilalia jirani yake kwa pikseli 16, mstari mzima unachukua 208 tu. Tumeokoa pikseli 80, na sura bado zinatambulika.

Sasa tazama nani anafichwa. Tuchukue kikundi chenye vipicha vitano, tuwaite Asha, Juma, Neema, Baraka na Zuhura, kisha ile duara ya +12. Asha ndiye mwenyekiti, na kwa hiyo yuko wa kwanza kushoto. Juma anamfunika Asha ubavu wa kulia, Neema anamfunika Juma, na kuendelea hivyo hadi duara ya +12, ambayo haifunikwi na yeyote. Mwenyekiti amekatwa ubavu, ilhali tarakimu zisizo na sura zinaonekana nzima. Hilo pekee lingeweza kuvumilika. Lisilovumilika ni ile nukta ya kijani.

Programu nyingi huweka nukta ndogo kwenye pembe ya chini kulia ya kipicha kuonyesha kwamba mtu huyo yuko hewani wakati huo. Nukta yenye upana wa pikseli 12 kwenye pembe ya kipicha cha pikseli 48 inaangukia palepale jirani alipolalia. Ukipiga hesabu ya duara hizo mbili, kitovu cha nukta ya Asha kiko pikseli 22.8 kutoka kitovu cha duara ya Juma, na nusu kipenyo ya duara hiyo ni 24. Maana yake kitovu cha nukta kimezama chini ya Juma, na kinachobaki kuonekana ni kipande chembamba cha kijani. Anayetazama hawezi kujua kama Asha yupo au kile ni kivuli tu cha picha.

Hapa wengi hukimbilia kuipandisha nukta yenyewe juu ya kila kitu. Nukta inaonekana, lakini sasa imekaa shavuni mwa Juma, na mweka hazina anauliza kwa haki kabisa: hii ni ya mwenyekiti au ya Juma? Dawa ya kweli ni kugeuza tabaka zote, Asha awe juu ya Juma, Juma juu ya Neema, hadi mwisho. Na hilo lifanyike bila kugusa mpangilio wa majina katika ukurasa. Kwa nini mpangilio usiguswe, tutafika.

Ukurasa wa mtandao una sehemu mbili zinazotuhusu. HTML ndiyo inayosema kuna nini na kwa mfuatano gani, na CSS ndiyo inayosema vionekaneje. Orodha yetu katika HTML iko hivi, nikiwa nimefupisha:

```html
<ul class="kundi">
  <li><a href="/asha"><img src="asha.jpg" alt="Asha"></a></li>
  <li><a href="/juma"><img src="juma.jpg" alt="Juma"></a></li>
  <!-- Neema, Baraka, Zuhura -->
  <li><a class="zaidi" href="/wote">+12</a></li>
</ul>
```

Na kulaliana kunaletwa na mistari michache ya CSS:

```css
.kundi {
  display: flex;
  list-style: none;
  padding: 0;
}
.kundi li + li {
  margin-inline-start: -16px;
}
```

Mstari wa kwanza wa CSS unavipanga vipicha safu moja. Ule wenye -16px unakiambia kila kipicha kinachofuata kingine kirudi nyuma pikseli 16, kiingie katika eneo la mwenzake. Hakuna mahali popote palipoandikwa nani awe juu. Kivinjari kimejiamulia, na uamuzi wake unatokana na jinsi kinavyochora.

Kivinjari huchora ukurasa kama fundi anavyoezeka makuti. Fundi huanza chini, kwenye ukingo wa paa, akapanda safu baada ya safu, na kila safu mpya huifunika kidogo iliyotangulia kwa sababu tu imewekwa baadaye. Kivinjari nacho, kisipopewa agizo jingine, hufuata mfuatano wa HTML: Asha anachorwa kwanza, Juma anachorwa juu yake, na +12 inamalizia. Utaratibu huu ni kanuni iliyoandikwa hatua kwa hatua katika Kiambatisho E cha maelezo rasmi ya CSS 2.1, yaliyopitishwa mwaka 2011. Vivinjari vyote vikubwa huufuata. Kwa hiyo ukiona kipicha cha mwisho kiko juu ya vingine, usidhani kuna hitilafu.

Njia ya kwanza ambayo watu wengi huijaribu ni kuandika `flex-direction: row-reverse`, agizo linaloamuru safu ianzie kulia kwenda kushoto. Ukiliweka kwenye orodha yetu, Asha anahamia kulia kabisa na +12 inakuja kushoto. Mchoro wenyewe haujabadilika: Asha bado anachorwa kwanza, +12 bado inachorwa mwisho. Sasa aliye kushoto ndiye anayemfunika wa kulia, jambo tulilolitaka, lakini watu wamekaa kinyume. Ili Asha arudi kushoto inabidi uipindue HTML yenyewe, uanze na +12 na umalizie na Asha. Machoni kazi imekamilika, na wengi huishia hapo.

Lakini wapo wasioutumia ukurasa kwa macho. Mtu asiyeona hutumia kisoma skrini, programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, nayo kwa kawaida hufuata mfuatano wa HTML. Orodha ikipinduliwa, atasikia kwanza “+12”, kisha Zuhura, Baraka, Neema, Juma, na mwenyekiti atakuja mwisho. Kumi na wawili zaidi ya nani, ilhali hajasikia hata mmoja? Yule anayetumia kibodi badala ya kipanya naye, akibonyeza Tab, atauona mwanga wa uteuzi ukianzia kulia na kurudi nyuma kushoto, kinyume na anavyosoma. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG, inalizungumzia hili mara mbili: kipengele cha 1.3.2 kinataka mfuatano wenye maana udumu pasipo kutegemea sura ya ukurasa, na 2.4.3 kinataka uteuzi wa kibodi ufuate mpangilio unaoeleweka. Kupindua orodha ya watu ili kupata kivuli kizuri ni kuwauzia wengine shida zetu, na mimi sikubaliani nako hata ukurasa ukiwa mdogo kiasi gani.

HTML basi ibaki kama ilivyo. Tunachotaka kubadilisha ni zamu ya kuchorwa peke yake, na sifa ya CSS iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni `z-index`. Imekuwapo tangu CSS2 ya mwaka 1998. Inapokea namba nzima: mwenye namba kubwa huchorwa baadaye, yaani huwa juu, na wenye namba sawa hurudi kwenye mfuatano wa HTML.

Ungeweza kumpa Asha 6, Juma 5, na kushuka hadi +12 ipate 1. Inafanya kazi, ila lazima ujue mapema mko wangapi. Kikundi kikiongeza kipicha cha saba, namba zote zinaandikwa upya. Ni rahisi zaidi kuhesabu kuelekea chini ya sifuri: wa kwanza apate -1, wa pili -2, wa tatu -3. Kwa kuwa -1 ni kubwa kuliko -2, Asha anabaki juu hata orodha ikirefuka namna gani. Kila `li` inaandikiwa nafasi yake, mathalani `style="--n: 1"` kwa Asha na `style="--n: 2"` kwa Juma, halafu CSS inafanya mengine:

```css
.kundi {
  isolation: isolate;
}
.kundi li {
  position: relative;
  z-index: calc(-1 * var(--n));
}
```

Neno `position: relative` lina kazi mbili hapa. Kwa kawaida `z-index` haisikilizwi kabisa na kitu ambacho hakijapewa `position`. Vitu vilivyo moja kwa moja ndani ya safu ya `flex` vimesamehewa sharti hilo, lakini mtu akija kesho akabadilisha aina ya safu, tabaka zote zingepotea kimyakimya. Kazi ya pili ni ya ile nukta ya kijani: ikiwekwa pembeni kwa `position: absolute`, inahitaji kujua ni pembe ya nani, na `relative` kwenye `li` ndiyo inayoifunga kwa mwenyewe. Tena kila `li` yenye `z-index` huwa furushi moja, kwa hiyo nukta ya Asha hupanda na kushuka pamoja na Asha. Haiwezi tena kukaa shavuni mwa mtu mwingine.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni `isolation: isolate`, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Namba za `z-index` hazilinganishwi kwa ukurasa mzima. Hulinganishwa ndani ya rundo, na rundo huanzishwa na baadhi ya sifa tu. Agizo hili linasema orodha yetu iwe rundo lake lenyewe: Asha ashindane na Juma humu ndani, na matokeo yasitoke nje.

Bila agizo hilo, namba hasi zinapanda kutafuta rundo lililo karibu juu yao, ambalo mara nyingi ni ukurasa wote. Na ndani ya ukurasa wote, kitu chenye namba hasi huchorwa kabla ya visanduku vya kawaida. Kama vipicha vyako viko ndani ya kadi yenye rangi nyeupe, weupe wa kadi utachorwa baada yao na kuwafuta wote. Utaona kadi tupu, na ukikagua HTML utakuta watu wote wamo.

Kuna dalili moja ya kosa hili inayowachanganya hata wazoefu. Kadi nyingi siku hizi huingia kwenye skrini taratibu, zikianza hafifu na kukolea, kwa kutumia sifa ya `opacity`. Kadi ikiwa na `opacity` iliyo chini ya 1, hiyo pekee inatosha kuifanya rundo, hivyo vipicha vinaonekana vizuri wakati inakolea. Inapofika 1 kamili, rundo linavunjika na vipicha vyote vinatoweka mara moja. Ukiona sura zinajitokeza kwa nusu sekunde kisha zinapotea, usihangaike kuchunguza picha wala mtandao. Tazama kama `isolation` ipo.

Waliotumia namba chanya bila kuzifungia wanapata kosa la upande mwingine. Kichwa cha ukurasa kinachobaki juu unaposogeza kidole huenda kimepewa `z-index: 1`. Asha mwenye 6 na Juma mwenye 5 watapita juu yake kama watu wanaochungulia ukutani. Wengi hujibu kwa kukipa kichwa 10, kesho menyu ikapewa 100, na keshokutwa 9999. Kuifungia orodha katika rundo lake kunamaliza mashindano hayo, kwani namba zake haziwezi kutoka nje.

Tabaka zikishageuka, kagua tena duara ya +12, kwa sababu sasa ndiyo iliyo chini kuliko zote. Zuhura ameilalia pikseli 16 upande wa kushoto, na kina cha kulaliana ni kikubwa zaidi katikati ya kimo, palepale maandishi yalipo. Maandishi ya “+12” yakiwa na upana wa pikseli 24 hivi na yamewekwa katikati, yanaanzia pikseli ya 12, na nusu ya alama ya kujumlisha inazama. Msomaji ataona kitu kama “12” chenye kovu. Dawa ni kuisogezea nafasi kiasi kilekile kilichofichwa:

```css
.kundi .zaidi {
  box-sizing: border-box;
  padding-inline-start: 16px;
}
```

Zinabaki pikseli 32 zilizo wazi, na maandishi yanajipanga katikati ya hizo. Ni jambo dogo ambalo halikuwapo kabla ya kugeuza, na ndiyo maana hupita bila kuonekana: anayefanya kazi hii anakuwa ameelekeza macho kwa Asha.

Kugusa nako kumebadilika. Kidole kikiangukia mahali wawili walipolaliana, anayepokea ni yule aliyechorwa juu. Ukanda uliokuwa wa Juma sasa ni wa Asha. Kila mtu baada ya Asha amebaki na pikseli 32 za kuguswa katikati ya kimo chake, na WCAG 2.2 katika kipengele cha 2.5.8 inataka zisipungue 24. Tuko salama, ila ukizidisha kulaliana hadi pikseli 28 utabaki na 20, na watu wataanza kufungua ukurasa wa asiye wao. Kwa anayetembea kwa Tab, mstari unaozunguka aliyechaguliwa unaweza kukatwa na jirani wa kushoto, hivyo aliyechaguliwa apandishwe kwa muda:

```css
.kundi li:focus-within {
  z-index: 1;
}
```

Namba 1 inatosha, kwa kuwa wenzake wote wako chini ya sifuri.

Huenda umejiuliza kwa nini niliandika `margin-inline-start` badala ya `margin-left`. Fikiria familia ya Waswahili wa Maskati ambayo simu zao ziko kwa Kiarabu. Ukurasa unaoandikwa kutoka kulia huigeuza safu yote: Asha anakaa kulia kabisa, wengine wanaelekea kushoto. `margin-left` ingemsukuma kila mmoja upande usio wake. Sifa inayotaja mwanzo wa mstari hugeuka pamoja na lugha, na `z-index` yetu, kwa kuwa inafuata nafasi katika orodha na si upande wa skrini, inabaki sahihi bila kuguswa. Nukta ya kijani nayo iwekwe kwa `inset-inline-end: 0`, ihamie kushoto pamoja na lugha, la sivyo itabaki upande ambao sasa unafichwa na mwenzake.

Kilichobaki ni zile namba za `--n` ambazo lazima ziandikwe na programu inayotengeneza ukurasa. Baraka akijitoa, namba zinakuwa 1, 2, 3, 5, 6, na hakuna kinachoharibika, kwani mteremko unaendelea kuwa mteremko. Tatizo huja mwanachama mpya akiingizwa mbele ya orodha kwa msimbo unaompa 1 bila kuwasogeza waliokuwapo. Yeye na Asha wanakuwa na namba sawa, kivinjari kinarudi kwenye mfuatano wa HTML, na Asha anamfunika yule mpya, huku jozi nyingine zote zikiwa sawa. Ukiona jozi moja tu imegeuka katika mstari mzima, tafuta namba iliyorudiwa.

CSS yenyewe imeanza kujifunza kuhesabu. Chrome tangu toleo la 138 la mwaka 2025 inaelewa `sibling-index()`, inayorudisha nafasi ya kila kitu miongoni mwa ndugu zake, na haihitaji `--n` yoyote. Kwa kuwa simu nyingi za watu wetu zina vivinjari vya zamani zaidi, ziandike zote mbili, ya zamani ikitangulia:

```css
.kundi li {
  z-index: calc(-1 * var(--n));
  z-index: calc(-1 * sibling-index());
}
```

Kivinjari kisichoijua hesabu mpya kinauruka mstari wa pili na kubaki na ule wa kwanza. Kinachoijua kinachukua wa pili, na hapo hata mwanachama mpya akiingia mbele, au wawili wakibadilishana nafasi wakati ukurasa uko wazi, namba zinajipanga upya zenyewe.